Namba za mashine au tarehe za kuzaliwa: tofauti iko kwenye mgao

"Wakuu, mimi hucheza bahati nasibu kwa tarehe za kuzaliwa za watoto wangu. Jamaa ananiambia niiachie mashine ichague. Kuna tofauti yoyote kweli?"

Kwenye nafasi ya kushinda, hakuna tofauti. Droo ya kuchagua namba 6 kati ya 49 ina michanganyiko 13,983,816, na kila mmoja una nafasi ileile moja. Tofauti inakuja siku ukishinda, maana zawadi kuu hugawanywa kwa wote waliopatia.

Tarehe haivuki 31. Michanganyiko yenye namba 1 hadi 31 pekee ni 736,281, yaani kama asilimia 5 tu ya yote, na huko ndiko wapenzi wa birthdei wanakosongamana. Tupige hesabu ya mfano. Zimeuzwa tiketi milioni 14, na moja ya tano yake, milioni 2.8, zote ni za tarehe. Nyingine zimechaguliwa na mashine. Mchanganyiko wa tarehe utakuwa na wastani wa tiketi 4.6, wakati wenye namba inayozidi 31 una 0.8 tu. Zawadi ikiwa milioni 10 na wewe umeshinda, kwa tarehe tarajia kama milioni 2.2 kwa wastani, na kwa ule mwingine kama milioni 6.9. Dau ni lilelile.

Nimekuwa nikifuatilia jedwali za matokeo kwa muda mrefu, na siku hizi kabla sijaangalia kiasi huwa naangalia namba zenyewe. Zikitoka ndogo tupu, mara nyingi nakuta waliopata namba tano ni wengi na mgao wao umepungua. Ukitaka kuhakiki mwenyewe kwenye droo ya 6 kati ya 49, gawanya idadi ya tiketi zilizouzwa kwa 54,201. Hao ndio washindi wa namba tano unaowatarajia, wawe wamepata na namba ya ziada au la. Wakizidi sana hapo, ujue namba zilikuwa kipenzi cha watu.

Ila usidhani kuvuka 31 kunatosha. Tarehe 14 Januari 1995, Uingereza, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Tatu zinazidi 31, lakini washindi walikuwa 133! Takriban pauni milioni 16.3 zikaishia pauni 122,510 kwa kila mmoja. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba namba hizo zilikaa safu za katikati za fomu, mahali ambapo mkono wa mtu huenda wenyewe. Mistari ya mshazari, 1-2-3-4-5-6 na namba za droo iliyopita ni mtego uleule.

Kwa hiyo jamaa yako yuko sahihi: mashine haina mapenzi na namba yoyote. Inaweza kukupa ndogo tupu pia, lakini ni mara chache, kama moja katika 19. Na kama mchezo wenu unalipa kiasi kisichobadilika kwa kila mshindi, endelea na tarehe za watoto, hazikupunguzii kitu.