Niliisingizia salfaiti mbele ya watu, zabibu zikaniumbua

Msomaji mmoja wa Muheza ameniandikia: "Kaka, glasi mbili tu za mvinyo mwekundu kichwa kinagonga. Nitafute usio na salfaiti, kile kihifadhi chake?" Nimecheka peke yangu. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri hivyo hivyo, pale Raskazoni, Tanga, tukimuaga mwenzetu wa kazini.

Nilianza mvinyo mwekundu saa mbili usiku. Saa tatu haijafika, pua imeziba, uso unawaka moto, kichwa kinapwita. Nikatangaza, "Salfaiti hizo!" na kuhamia brandi. Shemeji yangu muuguzi, ambaye hajawahi kuonja hata tone, akauliza taratibu: "Shemeji, biriani ya mchana ulijaza zile zabibu za rangi ya dhahabu. Kichwa kiliuma?" Meza nzima ikaangua kicheko. Mpaka leo kinanichoma.

Alikuwa na haki. Zabibu zile hutiwa salfaiti hizo hizo zisigeuke nyeusi. Tena mvinyo mweupe, hasa mtamu, kwa kawaida huwa na salfaiti nyingi kuliko mwekundu, na mweupe haujawahi kuniumiza hivyo. Yale maneno "ina salfaiti" ya kwenye lebo huandikwa salfaiti ikizidi miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo karibu kila chupa inayo. Wa kuiogopa ni mwenye pumu, kwa sababu humbana kifua.

Pua na uso vilielekeza kwa histamini, kemikali inayoziba pua na kuwasha uso. Hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoupunguza uchachu wa mvinyo, na mwekundu huwa nayo zaidi. Utumbo una kimeng'enya cha kuivunja, ila pombe yenyewe inakizuia. Hata hivyo siapi: kuna watu walionyweshwa mvinyo wa histamini nyingi na wa kidogo, wasione tofauti.

Maumivu ya pili yaliniamsha saa kumi na moja alfajiri, na hayo yalikuwa ya brandi. Pombe kali za rangi zina konjena, yaani mabaki ya uchachushaji na ya pipa la mwaloni. Mojawapo ni methanoli, kidogo sana. Ini hushughulikia kwanza pombe ya kawaida, likishamaliza ndipo linaigeukia methanoli na kuifanya sumu, wakati wewe umelala. Utafiti wa Marekani wa 2010 ulilinganisha bourbon, wiski ya Marekani, na vodka, ambayo ina konjena mara 37 pungufu: walevi wa bourbon waliamka wakijisikia vibaya zaidi. Lakini kwenye majaribio ya umakini wote walivurunda sawasawa. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukinywa pombe kali nyeupe umepona. Kilevi ni kile kile.

Basi ndugu yangu, tazama saa. Kichwa kikiuma ukiwa bado mezani, jaribu mweupe siku nyingine, kiasi kile kile, uone. Kikiuma alfajiri, ulizidisha, na rangi imeongezea tu. Kifua kikibana, acha, nenda hospitali.

Shemeji bado kila biriani hunisogezea zabibu bila kusema neno.