Ramadhani ya mwaka huu na ya mwaka jana kwenye chati moja

*Swali: Mwalimu, nafanya hesabu za duka la jumla la tende, sukari na unga, Kisumu, na tuna tawi Mumias. Chati yetu hujisasisha kila alfajiri kutoka MySQL na kulinganisha na tarehe ile ile ya mwaka uliotangulia. Mwanzoni mwa Machi 2025 ilionyesha tende zimepanda ajabu, kisha wiki ya kwanza ya Aprili zikaporomoka. Mkubwa wangu aliniuliza nini kimeharibika, nami hadi leo sina jibu.*

Biashara yenu haikuharibika, ila chati ililinganisha vitu viwili tofauti. Mwaka 2024 mfungo ulianza Jumanne tarehe 12 Machi na Idd ikawa tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 mfungo ulianza tarehe 2 Machi, Idd ikawa tarehe 31. Kwa hiyo siku kumi za kwanza za mfungo wa 2025 zilipimwa na siku kumi za kawaida za 2024, ambapo hakuna aliyekuwa akitafuta tende ya kufuturia. Kuanzia tarehe 31 Machi mambo yakageuka: siku zenu za baada ya mfungo zikawekwa kando ya kumi la mwisho la Ramadhani ya 2024.

Dawa ni kuacha tarehe na kuhesabu siku ya mfungo: siku ya 1 kwa siku ya 1. Tengeneza jedwali dogo, `mifungo`, lenye safu tatu: mwaka wa Hijria, tarehe ya mwanzo na tarehe ya Idd. Nasema wa Hijria kwa sababu mwaka 2030 unatarajiwa kuwa na Ramadhani mbili, moja inaanza Januari na nyingine Desemba. Tarehe uziandike kwa mkono baada ya mwezi kutangazwa hapa kwetu. Usiiachie kompyuta ikukokotolee, maana mara nyingi hufuata kalenda ya Saudia, na Saudia walianza siku moja kabla katika miaka yote miwili.

```sql
SELECT m.mwaka_h,
       DATEDIFF(s.tarehe, m.mwanzo) + 1 AS siku,
       SUM(s.katoni) AS katoni
FROM mauzo s
JOIN mifungo m
  ON s.tarehe >= m.mwanzo
 AND s.tarehe < COALESCE(m.idd, m.mwanzo + INTERVAL 30 DAY)
WHERE s.tarehe < CURDATE()
GROUP BY m.mwaka_h, siku;
```

Hiyo `COALESCE` si pambo. Katikati ya mfungo Idd bado haijulikani, safu yake iko tupu, na bila hiyo mwaka unaoendelea hautaonekana kabisa kwenye chati. Mstari wa `CURDATE()` nao unaondoa mauzo ya leo ambayo hayajakamilika.

Sasa linganisha jumla inayopanda, si mauzo ya siku moja moja, na mwaka uliopita uukate pale pale mlipofika. Tuseme hadi siku ya 14 mmeuza katoni 310, na mwaka uliopita hadi siku ya 14 zilikuwa 290, mfungo mzima 900. Mmepanda kama asilimia 7. Asiyekata atagawanya 310 kwa 900 na kumwambia mkubwa kwamba biashara imekufa. Na kama Mumias hutuma mauzo yao siku mbili baadaye, kata kwenye siku ya mwisho ambayo matawi yote mawili yameshaleta.

Kuna mtego wa siku za wiki pia. Siku ya 1 ilikuwa Jumanne mwaka 2024 na Jumapili mwaka 2025, na wateja wenu wa Kibuye wanajua Jumapili ya soko ilivyo. Mimi huisoma asilimia siku ya 7, 14, 21 na 28 tu, kwa kuwa hapo kila mwaka umeshapata idadi sawa ya Jumapili. Katikati mstari utayumba, uache uyumbe.

Mwisho wa mwezi ndipo kuhesabu kutoka mwanzo kunapoharibika. Mifungo hii miwili ilikuwa ya siku 29, mlibahatika. Mwaka mmoja ukiwa na 30, siku ya 29 ya huku itakuwa mkesha wa Idd na ya kule haitakuwa. Mwezi ukishatangazwa, jaza safu ya Idd, kisha zile siku tano za mwisho zihesabu kurudi nyuma kwa `DATEDIFF(m.idd, s.tarehe)`.

Kwa tende hiyo inatosha. Kwa sukari na unga, hapana. Pasaka ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, ndani ya mfungo. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka ziliangukia siku ya 18 hadi ya 21. Pasaka ya 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili, Idd ikiwa imeshapita. Kisumu hii, chapati za Pasaka zinakula unga mwingi, kwa hiyo unga wa 2025 utaonekana umeshuka kuanzia siku ya 18 hata kama hakuna mteja aliyewakimbia. Usijaribu kurekebisha namba. Tia rangi siku hizo nne kwenye mstari wa 2024 na uandike juu yake "Pasaka", mkubwa wako ataelewa mwenyewe.