Hotuba yangu ya ada: mwaka jana nilizomewa, mwaka huu wakanisikiliza

Juzi nimepata meseji kutoka kwa mhazini mwenzangu, shule yao ndogo tu ya binafsi. Anauliza, "Kaka, wazazi wameona salio la benki wanataka ada ishuke, nisimame niwaambie nini?" Nikacheka mwenyewe maana swali hilo mwaka jana lilinitoa jasho ukumbini, tena mbele ya mke wangu.

Wacha niseme kwanza nilivyoharibu. Mwaka jana nilisimama na slaidi 22. Nikasoma mapato, matumizi, uchakavu wa mali, halafu nikatamka neno ambalo hadi leo najilaumu, nikasema mwaka umeisha na "ziada". Basi hapo hapo baba mmoja akanyanyuka, akasema kama kuna ziada mbona ada imepanda, huyu mhazini anatuzungusha. Watu wakapiga makofi. Nilijibu kwa hasira, na ukijibu kwa hasira kwenye mambo ya hela ya watu umekwisha, kila mtu anajua unaficha kitu.

Mwaka huu sikubeba slaidi hata moja. Nilichukua ubao na chaki.

Nikawaambia, ndugu wazazi, tuachane na hela halisi kidogo, tuseme kila mnachotoa ni 100. Katika hiyo 100, 65 inaenda mishahara pamoja na makato yake ya kisheria. Nikasimama hapo nikarudia, 65, kwa sababu wengi wanadhani ada ni majengo na vitabu kumbe shule ni watu. Iliyobaki 35 nikaipitia haraka: chakula na gari 10, umeme, maji, bima na ofisi 8, vitabu na maabara 6, matengenezo 6. Inabaki 5, na hiyo ndiyo akiba. Sikusema ziada, nilisema akiba, na nikasema imepangwa kwenye bajeti tangu mwanzo wa mwaka, sio chenji iliyobaki mfukoni. Mhazini mwenzangu hilo neno lishike sana, ukisema ziada wanasikia faida.

Sasa hapo kwenye salio ndipo penyewe. Wazazi wanaona akaunti wiki ya nne ya muhula imejaa, wanadhani shule ni tajiri. Nikachora muhula mmoja, miezi minne, mitatu ya masomo na mmoja wa likizo. Tuseme ada ya muhula kwa shule nzima ni 400 na matumizi ni 95 kila mwezi. Mwezi wa kwanza wanaolipa mapema wanaleta 280. Unatumia 95, inabaki 185, huo ndio ule utajiri mnaouona. Mwezi wa pili inaingia 70, unatumia 95, inabaki 160. Mwezi wa tatu inaingia 30, unatumia 95, inabaki 95. Mwezi wa likizo haiingii hata senti, lakini mwalimu analipwa na mlinzi analipwa, 95 inatoka, unabaki na sifuri.

Ukumbi ukanyamaza. Nikawauliza, hesabu ya 400 imefika? Mama mmoja wa mbele akajumlisha kwa sauti, 280, 70, 30, akasema ni 380. Nikamwambia ahsante mama, hiyo 20 iliyokosekana ni ada ambayo haijalipwa, na ndiyo ile 5 katika kila 100 iliyotakiwa kwenda akiba. Kwa hiyo muhula huo akiba haikuongezeka hata kidogo, na hakuna aliyeiba. (Nilimtazama yule baba wa mwaka jana niliposema hivyo, sio uungwana najua, ila nilimtazama.)

Halafu nikaongeza kitu kimoja. Ile 30 ya mwezi wa tatu ikichelewa tu, isipotee, ichelewe, mnaingia likizo na 65 wakati mnahitaji 95. Hiyo 30 inatoka wapi? Kwenye akiba, kisha ada ikiingia inarudishwa. Ndiyo kazi ya kwanza ya akiba, kuvusha mshahara wa likizo, na shule isiyo nayo inakopa kwa riba au inawaambia walimu wavumilie, na walimu wazuri wakivumilia mara mbili ya tatu wanaondoka.

Swali lililofuata nililijua, kwa nini msiitumie hiyo akiba kushusha ada? Sikubishana, nilirudi ubaoni. Akiba yetu tumelenga miezi mitatu ya matumizi, yaani 285. Ada ya mwaka mzima ni 1,200. Ukiishusha kwa asilimia 10 inakuwa 1,080, na wasiolipa wakibaki wale wale 5 katika 100 unakusanya 1,026. Matumizi ni 1,140. Pengo ni 114 kila mwaka, sasa gawanya 285 kwa 114. Miaka miwili na nusu akiba imekwisha, matumizi yako pale pale, ada inapanda kwa mkupuo na mtoto yuko darasa la mtihani. Akiba ni hela ya kutumika mara moja, punguzo la ada linajirudia kila mwaka, ukivichanganya hivyo viwili umeumia.

Kingine walichokuwa hawakijui ni habari ya wanafunzi kuhama. Darasa la watoto 30 wakiondoka 3, mapato ya darasa yameshuka sehemu ya kumi, lakini mwalimu ni yule yule, taa zile zile, gari linapita njia ile ile. Unachookoa ni chakula na madaftari tu. Kwa hiyo pengo linakuja siku moja na matumizi yanachukua mwaka kuyapunguza, katikati hapo unaishi kwa akiba.

Ila usiwe mtu wa kutetea akiba kama dini. Niliwaambia wazi, miezi mitatu ni kipimo chetu, shule yenye majengo mazee inaweza kuhitaji zaidi, na mkiona inafika matumizi ya mwaka mzima bila mradi wowote ulioandikwa, ulizeni, mna haki. Na jengo msilihesabu kama akiba, huwezi kukata kipande cha ukuta ukalipa mshahara.

Na nilikiri kosa letu. Miaka ya nyuma akiba ilikaa akaunti moja na hela ya matumizi, ikawa inaliwa kidogo kidogo bila mtu kuamua, leo wino wa printa, kesho tairi, mwisho wa mwaka unatafuta akiba huioni na kila risiti iko sawa. Sasa ina akaunti yake, saini mbili, haitoki bila muhtasari wa kikao cha bodi, na muhtasari huo unaandika itarudishwa lini.

Baada ya kikao yule baba akanifuata. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea, ila iliniuma kidogo. Alitaka kuona kitabu cha utoaji wa akiba. Nikampa. Alikaa nacho nusu saa, akakuta utoaji mmoja hauna muhtasari. Ulikuwa halali, pampu ya maji iliungua Jumamosi, tukalipa kwanza tukasahau kuandika. Nilimweleza, akasema, "Andikeni." Tukaandika wiki ile ile, na tarehe ya kurudisha tumeweka mwisho wa muhula huu.

Sasa yuko kamati ya fedha, na ndiye anayenipigia simu kila mwezi kuuliza ile 30 imeingia.