Sekunde 15 za Tangazo: Maswali Yenu

Nauza mifuko ya simu isiyoingia maji, hapa gatini Mokowe. Tangazo langu la video nikilisoma linafika sekunde 28. Nisome mbio?

Usisome mbio, futa. Ukizungumza kawaida, sekunde 15 zinatosha maneno 25, 30 yakizidi sana, maana maneno ya Kiswahili ni marefu. Wewe umeanza na salamu, ukaja jina la duka, ukataja rangi nne, na maji yanatajwa mwishoni kabisa. Abiria wa boti ya Amu keshapita zamani. Liandike hivi:

Sekunde 4 za tatizo: "Boti ikipigwa na wimbi, simu mfukoni inalowa."

Sekunde 7 za bidhaa: "Mfuko huu una vibano viwili. Natia karatasi, nafunga, nazamisha. Tazama: kavu."

Sekunde 4 za mwito: "Shilingi mia tatu. Niandikie MFUKO kwenye WhatsApp."

Hayo ni maneno 25. Katikati pamepewa nafasi kubwa kwa sababu mikono inafanya kazi: ndoo ya maji, mfuko unazama, unatoka, karatasi inafunguliwa mbele ya kamera. Tumia karatasi ya shashi, kwani ikiguswa na tone moja doa linaonekana. Piga yote kwa mkupuo mmoja. Ukikata picha kati ya kuzamisha na kufungua, mtazamaji atadhani umebadilisha karatasi. Na usiseme "hauingii maji kabisa" kama umeujaribu kwenye ndoo tu. Simu ya mtu ikiharibika baharini, atakurudia wewe.

Naweza kutaja matatizo mawili, maji na mchanga? Mfuko unazuia yote.

Moja. La pili lifanyie tangazo lake.

Kwa nini nitaje bei? Si bora waje inboksi, tuzungumze?

Swali hili linaletwa kila mara, na jibu ni lile lile: taja bei. Ukiificha, utaulizwa "bei gani?" na watu wengi ambao shilingi 300 hawana nia ya kuzitoa, na anayetaka kununua atachoka kungoja jibu. Mwito nao uwe mmoja. "Nipigie, nifuate, shiriki, njoo dukani" ni kazi nne, na mtu hafanyi hata moja. Neno MFUKO linafaa kwa sababu ni fupi, na likiingia kwenye simu yako unajua limetoka tangazo gani. Liandike pia juu ya picha, herufi kubwa, sekunde zote 4 za mwisho.

Nimerekodi ufukweni Shela, picha nzuri lakini sauti haisikiki.

Upepo umepiga maikrofoni, na ni vigumu kuuondoa vizuri baadaye. Picha ziache zilivyo. Sauti irekodi upya chumbani, madirisha yamefungwa, kisha iweke juu ya picha hizo. Halafu zima sauti, mwonyeshe mtu asiyejua unauza nini. Asipoweza kukwambia ni bidhaa gani na inazuia nini, sekunde 7 za katikati zirekodiwe tena, kamera ikiwa karibu zaidi na ndoo.