Mdhamini wa mkopo: acheni kuwinda wenye vyeo

Dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa tu, wadogo zangu wa Kasulu na Uvinza huanza: "Kaka, mdhamini lazima awe mtumishi wa serikali?" Jamani! Kila mwaka wakulima wa mihogo na michikichi wanawadhamini watoto wao. Tafuta mtu mwenye kitambulisho, anayepatikana, na anayejua anachosaini.

1. Majina yafuate kitambulisho, si yale ya kuitana nyumbani.

2. Awe karibu. Hapa ndipo binamu yangu alipotutoa jasho. Mama yake yupo Ujiji, anauza dagaa, ana kadi ya NIDA. Bwana mdogo akamruka, akamjaza mjomba wa Dar kwa kuwa mjomba ana ofisi na kiyoyozi. Akachapa fomu, akaituma kwa basi. Mjomba akasaini, akairudisha kwa basi lilelile pamoja na kivuli cha kitambulisho. Fomu inasema Seba, kitambulisho kinasema Sebastiano, na jina la kati halipo kabisa. Kwa wakili mambo yakawa mabaya zaidi. "Huyu aliyesaini yuko wapi?" Yuko Dar. Wakili akamsogezea karatasi zake taratibu, akaita anayefuata. Muhuri wa kiapo haupigwi kwa saini ambayo wakili hakuiona ikiwekwa.

Unajua kijana alichofikiria? Achape nyingine, asaini yeye kwa niaba ya mjomba, atafute wakili asiye na maswali. Hiyo ni kughushi, mdogo wangu, na jina lililomo humo ni lako.

Bahati yake alikuwa hajawasilisha mtandaoni. Tukarudi kwenye mfumo, tukabadilisha taarifa za mdhamini, kisha tukachapa fomu upya. Kufuta kwa kalamu hakusaidii, maana karatasi lazima ilingane na kilichomo kwenye mfumo. Safari hii mama alikwenda mwenyewe, kadi mkononi, kwa serikali ya mtaa na kwa wakili, na mchana alikuwa amerudi kwenye dagaa zake.

3. Picha ya pasipoti ya mdhamini ipigwe mapema, maana umeme una siku zake.

4. Mweleze. Kabla ya kushika kalamu mama aliuliza, "Nikisaini, watakuja kuchukua nyumba yangu?" Kijana akacheka. Asingecheka! Mkopo ni wa mwanafunzi, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mdhamini anakubali kwamba mkopaji akipotea, yeye ndiye atakayetafutwa. Mama akasikiliza hadi mwisho, akamtazama mwanawe: "Basi namba yako ya simu usibadilishe bila kuniambia." Ndipo akasaini.