Ni kosa au ni mtindo wake?

"Nahariri riwaya ya rafiki yangu, kuna sentensi kibao zinanikwaza. Nirekebishe au niache?"

Angalia kwanza anayesema ni nani. Konda wa daladala ya Mbagala akipaza sauti "Gari imejaa!", iache. Ndivyo Dar inavyosema. Ukimwekea "limejaa" umemgeuza mwalimu. Msimulizi akiandika hivyo, tafuta neno "gari" mswada mzima. Kama kila mahali ni "gari limesimama", "gari limechelewa", kisha "imejaa" moja tu, hapo kateleza, rekebisha. Kama kashikilia "gari ime-" mwanzo hadi mwisho, huenda kachagua. Muulize kwanza.

Sentensi ya kuhofia zaidi huwa haina hata kosa la sarufi: "Alimwona mama wa mtoto aliyekuwa analia." Ngeli imekaa sawa, lakini analia nani? Mama na mtoto wote ni A-WA, kwa hiyo "aliye-" inaweza kumshika yeyote. Kama ni mtoto, andika "Alimwona mama ambaye mtoto wake alikuwa analia". Ila usikisie; anayejua ni mwandishi.

Sentensi ndefu inayoeleweka kwa usomaji mmoja, hata ikikuchosha (zitakuchosha), usiikate.