Ripoti baada ya mfumo kuanguka: msirudie nilichofanya mimi

*Swali: Wakuu, Jumatatu usiku mtandao wa ofisi yetu hapa Kampala ulikatika saa mbili nzima. Bosi anataka ripoti fupi ya tukio kufikia Ijumaa, na amesema isimlaumu mtu. Iwe na kurasa ngapi? Nani aongoze kikao? Kuna fomu ya kufuata? Nimeanza hivi: "Chanzo: mhandisi wa zamu alizima swichi ya ghorofa ya pili badala ya ile ya akiba."*

Futa hiyo sentensi. Usingoje Ijumaa, ifute sasa hivi.

Unadhani hukumlaumu mtu kwa sababu hukuandika jina? Zamu ya usiku ina wahandisi wangapi? Kama ni mmoja, hata askari wa getini anajua unamsema nani. Nilifanya hivyohivyo, na ile sentensi yangu ilitugharimu kuliko hitilafu yenyewe.

Kazini kwangu tulikuwa tunapokea ada za shule kwa pesa za simu. Mwanzo wa muhula wa kwanza ndio mavuno yetu, wazazi wa Uganda nzima wanalipa wiki moja. Tulikuwa na hifadhidata ya PostgreSQL, na replika yake, nakala inayofuata kila badiliko la hifadhidata kuu, kwenye seva ya zamani tuliyotaka kuistaafisha. Ijumaa jioni kijana wetu mmoja akaizima, akifuata mwongozo hatua kwa hatua. Hatua zilikuwa saba, akazimaliza zote saba, akaenda zake kula roleksi.

Mwongozo haukutaja sloti ya replika. Sloti ni ahadi: hifadhidata kuu inaahidi kutofuta faili za WAL, yaani daftari la kila badiliko, mpaka replika izisome. Replika ikifa na sloti ikabaki, ahadi nayo inabaki. Diski yetu ilikuwa na nafasi ya GB 90. Wikendi daftari lilikula kama GB 6 kwa siku. Jumatatu ada zikaanza, likawa linakula GB 25 kwa siku. Piga hesabu: hadi Jumatano usiku GB 87 zimekwisha. Alhamisi asubuhi diski ikajaa, hifadhidata ikalala, na wazazi wakaanza kupiga simu.

Tuliifufua kabla ya saa sita mchana kwa kuongeza diski na kuifuta sloti. Hiyo haikuwa kazi. Balaa lilianza nilipokaa kuandika ripoti.

Miezi kadhaa kabla, kampuni ilikuwa imemlipa mshauri mmoja, mwenye tai na slaidi nyingi, aje atufundishe kuchunguza matukio. Akatuachia fomu yenye safu ya "Mhusika", akatuambia tuulize "kwa nini" mara tano, na jibu la tano ndilo chanzo. Basi nikauliza. Kwa nini mfumo ulilala? Diski ilijaa. Kwa nini? Faili za WAL. Kwa nini? Sloti. Kwa nini ilibaki? Haikufutwa. Kwa nini? *Mhandisi alisahau.* Tano zimetimia! Nikaandika: "Chanzo: mhandisi alisahau kufuta sloti. Hatua: awe makini zaidi." Ukurasa mmoja safi, hata bosi akausifu. Mshauri huyo, popote alipo, natumaini diski yake inajaa.

Wiki iliyofuata ofisi ya wafanyakazi ikauchukua ukurasa wangu na kuuambatisha kwenye barua ya onyo ya yule kijana. Hakuwa amesahau kitu. Huwezi kusahau usichoambiwa. Mwongozo wenyewe niliuandika mimi. Ndiyo, mimi. Fomu haikuwa na safu ya hilo.

Sasa sikiliza sehemu iliyotuumiza. Miezi mitatu baadaye, hitilafu ileile, replika nyingine. Safari hii dada mmoja wa zamu aliona diski inapanda *siku mbili kabla*. Alikuwa ameshaiona ile barua ya onyo, na replika alikuwa ameizima yeye. Hakusema. Alijaribu kumaliza kimyakimya, saa nane usiku, kwa kufuta mwenyewe faili za zamani ndani ya `pg_wal`, folda ya lile daftari lenyewe. Anayeijua PostgreSQL ameshashika kichwa. Hifadhidata ilipowashwa tena ilijibu hivi, yaani haikupata mahali pa kuanzia kwenye daftari:

```
PANIC: could not locate a valid checkpoint record
```

Tukarudi kwenye bekapu ya usiku wa manane na kupoteza malipo ya saa mbili. Tukayaokoteza moja moja kutoka rekodi za kampuni za simu, kwa siku nne. Kama angetuita siku mbili kabla, kazi yote ingekuwa amri mbili: moja ya kuangalia, nyingine ya kufuta sloti kwa `pg_drop_replication_slot`. Ya kuangalia ni hii:

```sql
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(
    pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Ukiona `active` ni `f` na ukubwa unapanda, umempata mwizi.

Ripoti ya pili niliiandika kwa namna nyingine. Nilikaa na yule dada, nikaacha kuuliza "kwa nini ulifanya", nikauliza "ulikuwa unaona nini kwenye skrini wakati ule, na ulidhani kitatokea nini?" Ndipo mambo yakatoka. Tahadhari ya diski kufika asilimia 80 ilikuwepo tangu mwanzo, lakini iliingia kwenye sanduku la barua pepe linalopokea jumbe zaidi ya sitini kwa siku, hakuna aliyelisoma. Mwongozo ulikuwa bado na hatua saba. Na `max_slot_wal_keep_size`, mpangilio uliokuja na PostgreSQL 13 wa kuiwekea sloti kikomo, ulikuwa -1, maana yake hakuna kikomo. Hayo matatu yanarekebishika kabla ya chai ya saa nne. "Awe makini" utairekebisha kwa bisibisi gani?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: sentensi ya chanzo ikiwa na mtu ndani yake, bado hujafika kwenye chanzo. Alichofanya mtu kiandike kwenye mtiririko wa saa, bila kuficha. GitLab, kampuni inayowahifadhia watu kodi za programu zao, walipofuta hifadhidata yao tarehe 31 Januari 2017, kama GB 300 kwenye seva isiyo yenyewe, waliandika hadharani kwamba mhandisi wao ndiye aliyeendesha amri. Lakini hawakuishia hapo. Walionyesha kwamba bekapu za `pg_dump`, amri ya kunakili hifadhidata nzima, zilikuwa hazifanyiki kwa sababu toleo lake la 9.2 lilikuwa linaendeshwa dhidi ya hifadhidata ya 9.6, na barua pepe za kuonya kuhusu hilo zilikuwa zinakataliwa njiani. Hayo mtu mwingine anaweza kwenda kuyaangalia kwake leo.

Tuje kwako. Mtafute kijana wa zamu kabla ya kikao, peke yenu, na mwambie hiyo sentensi umeshaifuta. Muulize zile swichi mbili zina lebo? Lebo inalingana na jina linaloonekana kwenye skrini? Alizimia kwenye kabati au kwa kuingia kutoka mbali? Kulikuwa na umeme au jenereta ndiyo kwanza inawaka? Mchoro aliofuata ni wa lini, na nani alikuwa na kazi ya kuusasisha baada ya swichi ya akiba kuwekwa? Na kwa nini kuzima swichi *moja* kuliangusha ofisi nzima saa mbili, wakati mnalipia ya akiba?

Hilo la mwisho hukuliuliza kabisa, mkuu. Ukipata majibu, weka rasimu hapa kabla hujampelekea bosi. Na ikirudi na "mhandisi wa zamu" kwenye mstari wa chanzo, nakuja huko ofisini kwenu na boda, nauli unalipa wewe.